Kapembwa Aliitika

Kasonde alianza kumchukia Ngosa siku kijana huyo alipopewa meza ya dirishani. Mtu atasema, meza ni meza tu. Haya, meza ni meza tu. Lakini Kasonde alikuwa ameingojea miaka mingi katika ile ofisi ya wakaguzi wa hesabu pale Ndola, akikaa karibu na mlango ambapo kila apitaye humgonga bega, halafu Ngosa akaja juzi juzi na tabasamu lake na suruali yake ya kupigwa pasi, akaikalia kana kwamba kaachiwa na babake. Nani asingeumwa roho?

Jioni ile ile mkewe Ennie alikuwa amerudi kutoka msibani kwao Nchelenge. Mjomba wake alikuwa amefariki. Alikuwa na mengi ya kusimulia, nani kalia, nani kagoma kula, nani karithishwa jina la marehemu. Kasonde hakusikia hata neno. Kila mkewe alipofungua mdomo, yeye alirudi kwenye meza. Meza, meza, meza, mpaka Ennie akajifunika kanga na kugeukia ukutani.

Sasa ulikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na nane, na jambo lilikuwa kubwa kuliko meza. Karani mkuu wa ofisi alikuwa amestaafu. Bwana Tindall, mzungu wao, aliwaita wote wawili akawaambia bila kuzunguka: kiti cha karani mkuu kitapewa mmoja wenu, na nitaamua tukimaliza kazi ya Nchelenge.

Basi. Kasonde hakulala vizuri tangu hapo.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Waajiri wa ufukwe wa ziwa Mweru, wenye mashua, wenye maghala ya samaki, wenye maduka, walikuwa wameunda mfuko wa akiba kwa wafanyakazi wao. Watu waliuita Kese, kwa ulimi wa ng'ambo ya Kongo, maana ziwani pale biashara yote ilisemwa kwa Kiswahili cha ng'ambo. Kila mwezi mwajiri alimkata mfanyakazi peni moja katika kila shilingi ya mshahara, akaongeza peni yake mwenyewe, akazipeleka zote Kese kabla ya katikati ya mwezi unaofuata. Mtu akizeeka alipewa zake pamoja na faida. Akifa kabla, alipewa yule aliyemwandikisha kwenye kadi, na kwa kawaida huyo ni mkewe. Fedha ambazo siku yake ya kulipwa haijafika hazikulazwa bure. Kese ilinunua hati za mkopo wa serikali na za reli, na fungu moja ikamkopesha Chola, tajiri wa samaki kutoka Kasenga ya ng'ambo, ajenge ghala la barafu.

Bwana Tindall aligawa kazi pale Ndola, wiki mbili kabla ya safari. Ngosa angekagua vitega uchumi: hati, riba, mkopo wa Chola na rehani yake. Kasonde angekagua michango ya waajiri.

"Wewe unawajua watu wa kule," mzungu alimwambia. "Umeoa kule."

Kasonde aliitikia ndiyo bwana, lakini moyoni alisema: kwa hiyo mimi wa kukanyaga mchanga na kunuka samaki, na huyu wa kukaa kivulini na hati za serikali! Aliuma meno mpaka Kashikishi, ufukweni kwa Nchelenge.

Na kama hilo halikutosha, walifikia kwa wakwe zake. Nyumba ya wageni ilikuwa ya mzungu peke yake, makarani ilibidi wajitafutie, na Ennie, aliyekuja nao kumwona mamake, akasema kwetu kuna nafasi. Kwa desturi ya Wabemba, mkwe na mamamkwe hawaonani ovyo. Akija huku, wewe unapitia kule. Hamli pamoja, hamtaniani, jina lake hulitaji. Kasonde alikuwa ameishika desturi hiyo tangu aoe, na wala haikuwahi kumsumbua. Lakini Ngosa hakuwa mkwe wa mtu. Ngosa aliingia jikoni kwa mamamkwe siku ya kwanza, akaketi kwenye kigoda, akamenya muhogo, akachekesha. Mgeni njoo mwenyeji apone! Kasonde, nyuma ya nyumba, kwenye mkeka wake wa heshima, alisikia mamamkwe akicheka hadi anakohoa. Miaka kumi na miwili ya ndoa, hakuwahi kusikia kicheko cha mwanamke yule.

"Anacheka nini?" alimwuliza Ennie alipoleta bukari, ugali wa huko.

"Vituko vya Ngosa. Yule kijana ana maneno!"

"Na wewe ulikuwa humo unacheka?"

Ennie alimtazama. "We mutu, kula. Samaki atapoa."

Alikula, lakini kila tonge lilipita na mwiba.

Asubuhi alikwenda kwa Chola. Tuseme ukweli, kazi Kasonde aliijua. Karani mbichi huanzia kwenye orodha ambayo mwajiri amepeleka Kese, akauliza, huyu yuko, huyu yuko? Lakini mwajiri anayetaka kukwepa michango hamwandiki mtu kabisa, na asiyeandikwa huwezi kumwona kwenye orodha. Kwa hiyo Kasonde alianzia ufukweni. Alimshika kila aliyekuwa akivuta wavu, akipara samaki, akibeba barafu, akachukua jina lake, ndipo akaenda kumtafuta kwenye karatasi za mishahara, kutoka hapo kwenye hesabu za michango, na mwisho kwenye stakabadhi za benki aone fedha zilifika lini.

Wote walikuwamo. Michango ilikatwa sawasawa, ikalipwa kwa wakati. Chola, mtu mnene wa kofia ya majani, alimfuata nyuma akijipepea.

"Batu bangu bote beko hapa, karani," alisema. "Chola haibi mutu. Uliza hata mutoto."

Mtu mwingine angefurahi. Mwajiri safi, kazi imekwisha, twende tukaoge. Kasonde alinyong'onyea. Atakwenda kwa Bwana Tindall na nini? Na habari ya kwamba mambo ni mazuri? Jana yake mzungu alikuwa amemsifu Ngosa mbele yake, kwa kuwa Ngosa hakuridhika kuonyeshwa nakala za hati pale ofisini, bali aliiandikia benki ya Ndola kabla ya safari, na benki yenyewe ikajibu kwamba hati zote inazo na ni za Kese, si za mtu mwingine. "Vizuri sana, Ngosa," mzungu alisema. Vizuri sana! Maneno mawili tu, yalimkaa Kasonde kooni kutwa.

Akarudi kwenye kadi za wanachama, akitafuta chochote, na hapo akaona. Kapembwa. Kadi ilisema amezaliwa miaka ya Wazungu kuingia nchini, na nywele za mtu wa umri huo huwa zimekwisha kuwa nyeupe. Lakini Kapembwa aliyeitika asubuhi ufukweni alikuwa kijana wa ndevu za kuhesabika. Kasonde akachambua kadi nyingine. Akapata mwingine wa namna hiyo, na mwingine, na wa nne. Majina ya wazee, sura za vijana.

Damu ilimchemka, na ilichemka kwa raha! Aliona yote kwa mara moja. Sheria ya Kese iliruhusu mwajiri akopeshwe kwa kadiri ya michango anayoleta. Mwenye wafanyakazi wengi hukopa zaidi. Kumbe Chola analipia watu hewa ili aonekane mkubwa, na siku ya ukaguzi huwakodi vijana waitikie majina! Na ikiwa ni hivyo, mkopo wake wote umeoza, na aliyesema mkopo ni mzima ni nani? Ni Ngosa. Ngosa wa meza ya dirishani, Ngosa wa kigoda cha jikoni.

Kitu kimoja kilibaki kufanywa, nacho ni kuwauliza wale vijana wanne swali moja dogo. Mkaguzi hamhukumu mtu kabla ya kumwuliza. Kasonde aliwafundisha wengine sheria hiyo. Lakini angewauliza, habari ingevuja, Ngosa angesikia, akarekebisha ripoti yake mapema. Hapana. Mwache aingie nayo hivyo hivyo.

Jioni Ngosa alikuja nyuma ya nyumba, akasimama mbali kidogo na mkeka kama adabu inavyotaka.

"Bamukalamba," alisema. Ndivyo Wabemba wanavyomwita kaka mkubwa, na Kasonde alichukia hata hilo. "Nina neno. Linahusu upande wako."

"Upande wangu nimeumaliza."

"Najua. Lakini niliposhika vitega uchumi nimeona kitu, halafu huko jikoni mama amenieleza..."

"Ngosa." Kasonde alijiinua kwenye kiwiko. "Kila mutu na kazi yake. Umepewa hati, kaa na hati zako. Au na yangu unaitaka?"

"Basi, bamukalamba. Tutaongea kesho kabla ya kikao."

"Kesho kuna kikao," Kasonde alijibu, akamgeuzia mgongo.

Alilala akitabasamu gizani. Huko jikoni mama amenieleza! Sasa hata mamamkwe amekuwa mamake.

Ofisi ya Kese ilikuwa vyumba viwili nyuma ya ghala la chumvi. Asubuhi hiyo walikuwamo Bwana Tindall, Mwewa katibu wa Kese, wadhamini wawili wa waajiri na wawili wa wafanyakazi, na Chola aliyeitwa kwa sababu ya mkopo wake. Mlangoni Ngosa alimgusa Kasonde mkono. "Dakika moja tu, nje." Kasonde aliutoa mkono wake kama mtu aliyeguswa na utomvu, akapita.

Ngosa alianza. Alisema hati ziko salama benki, na riba imeingia yote. Akasema hati nyingi ni za miaka ishirini, na bei yake sokoni leo iko chini ya ile ambayo zilinunuliwa kwayo, kwa sababu hati mpya zinatoa riba kubwa zaidi. Hilo si hasara kama Kese itazishika mpaka mwisho, lakini ni hasara ikilazimika kuziuza kabla. Na fedha taslimu za Kese benki ni chache. Mkopo wa Chola unalipwa kwa wakati, rehani ni nzima. "Nimebakiza swali moja," alisema, akamtazama Kasonde, "ambalo linategemea upande wa michango."

"Na upande wa michango una jibu," Kasonde akasema, akasimama.

Alisema vizuri, hatuwezi kumnyima hilo. Alisimama wima, akayataja majina manne, akaweka kadi nne mezani, akaeleza umri, akaeleza zile sura za ufukweni, akaeleza sheria ya mkopo. "Bwana, hawa ni watu hewa. Chola amewachangia ili akope. Mkopo ambao mwenzangu ameuita mzima umesimama juu ya watu ambao hawapo." Alipofika hapo hakumtazama Chola. Alimtazama Ngosa, na utamu wa dakika ile angeuza shamba kuununua.

Chola aliruka juu mpaka kofia ikaanguka.

"Mimi? Mwizi? Batu hewa!" Alikimbilia dirisha. "Kapembwa! We Kapembwa! Kuya hapa!"

Sauti ikajibu kutoka kwenye nyavu, na mara yule kijana wa ndevu za kuhesabika akaingia, mikono ina magamba ya samaki. Alipomwona Kasonde uso ulimchanua. Hakumsalimu kama kijana anavyomsalimu mkubwa. Alimsalimu kama mkubwa anavyomsalimu aliyeoa kwake.

"A, mukwe! Salama? Jana kule inje nilinyamaza, nikasema mukwe eko mu kazi. Mupwa wangu Ennie eko muzima?"

Mpwa wangu Ennie.

Maneno ya jioni ile ya meza, maneno ambayo Kasonde aliyaacha yapite juu ya kichwa chake, yalirudi yote pamoja. Mjomba Kapembwa amefariki. Wamemrithisha Lackson, yule mtoto wa dada yake, jina na yote. Sasa Lackson ndiye mjomba wangu. Unanisikia lakini?

Maana ndivyo ilivyo kwa Wabemba wote na majirani zao wa ziwani. Mtu akifa, jina lake haliachwi lizurure. Huchaguliwa mrithi, akavikwa jina la marehemu, na tangu siku hiyo yeye ndiye marehemu: mjomba wa wapwa wake, kaka wa dada zake, hata kama juzi alikuwa akichunga mbuzi. Haya mambo Kasonde hakuyasikia kwa watu. Yeye mwenyewe hakuzaliwa Kasonde! Alipewa jina hilo akiwa mtoto, mjombake alipokufa, na wazee wenye mvi walimpigia magoti wakimwita baba. Mtu mwenye jina la marehemu amesimama mbele ya mzungu akasema jina la marehemu ni wizi. Jamani, wivu! Ukimwingia mtu humpofusha hata asijione mwenyewe.

Bwana Tindall aliuliza, Mwewa akatafsiri, kijana akajibu bila wasiwasi. Ndiyo, yeye ni Kapembwa. Ndiyo, zamani aliitwa Lackson. Mjomba alipokufa alichukua jina, akachukua nafasi yake kwenye mashua, akachukua na kadi. Wale watatu wengine? Vilevile.

"Njo bile tunafanya!" Chola alipiga kelele. "Mutu akikufa, mwenye kurithi anashika jina, anashika nyumba, anashika kazi. Sasa ile karte peke yake itabaki yatima?"

Mzungu alimgeukia Kasonde. Hakupandisha sauti. "Wewe ni mtu wa watu hawa. Uliwauliza?"

Kasonde alizipanga upya zile kadi nne. Chola alikuwa akidai aombwe radhi mbele ya wadhamini, Mwewa akitazama chini kwa aibu ya mwenzake, na kiti cha karani mkuu kilikuwa kikiondoka mbele ya macho yake.

Ndipo Ngosa akasimama.

Kasonde alijikaza kupokea pigo. Angekuwa yeye, angelipiga.

"Bwana," Ngosa alisema, "Bwana Kasonde hajamaliza. Alianza na umri kwenye kadi, na hapo ndipo penyewe. Mimi swali langu lilikuwa hili. Fedha za Kese zimefungwa kwenye hati za miaka mingi na kwenye mkopo. Nilitaka kujua ni malipo gani yanaweza kudaiwa leo. Nikatazama madai ya vifo. Kwa Chola, tangu Kese ianze, hakuna hata moja. Ziwa hili, bwana? Hakuna hata mmoja aliyekufa?"

Mmoja wa wadhamini wa wafanyakazi, mzee aliyekuwa amenyamaza asubuhi yote, alishika kidevu.

"Walikufa," Ngosa aliendelea. "Ila kadi hazikufa. Mrithi alishika jina, akashika kadi, akachangia juu yake. Chola hakuiba, amelipa kila peni. Lakini Kese haikujua kwamba mtu amefariki, kwa hiyo haikumlipa mjane. Michango ya marehemu na ya mrithi imelala pamoja kwenye akaunti moja. Kese inaonekana tajiri kwa sababu ina deni ambalo haijaliandika." Akanyoosha mkono kuelekea zile kadi nne. "Bila Bwana Kasonde kuona tofauti ya umri, nisingejua pa kulitafuta."

Uongo! Uongo mtupu, na waliojua walikuwa watu wawili tu mle chumbani. Ngosa alijua tangu jana, kutoka jikoni, kwa mama aliyemlilia kaka yake Kapembwa na kumsikitikia mjane. Alikuja kulitoa nyuma ya nyumba, kwa heshima, kwa sababu ni la upande wa Kasonde. Na Kasonde alimgeuzia mgongo.

Hayo mengine yalikwenda haraka. Bwana Tindall aliamuru kila akaunti igawanywe kuanzia siku ya kifo: ya marehemu ifungwe na wajane walipwe, mrithi afunguliwe kadi yake kwa namba mpya. Waajiri wengine nao wakaguliwe hivyo hivyo. Deni hilo litaandikwa kwenye hesabu za mwaka, na mpaka lilipwe Kese isinunue hati ya miaka mirefu wala isimwongezee Chola mkopo. Chola alinung'unika, akaokota kofia yake. Kasonde alimwomba radhi kwa sauti ambayo watu wa mlangoni hawakuisikia, naye akaikubali nusu nusu.

Nje, chini ya paa la ghala, mzungu alimsimamisha Kasonde. Alimwambia kwamba ameharakisha kumtuhumu mtu, na asirudie tena. Lakini jicho lililoona kadi zile ni jicho la mkaguzi, Ngosa mwenyewe amekiri. Yeye ni mkubwa kwa miaka na kwa kazi. Kiti ni chake.

Kasonde alifungua mdomo aseme, bwana, si mimi. Maneno yalikuwapo, yamejipanga, mafupi kabisa. Akasema, "Asante, bwana."

Jioni alikaa nyuma ya nyumba kwenye mkeka wake. Karani mkuu! Alilirudia neno hilo kimoyomoyo akingoja liwe tamu, lakini halikuwa tamu. Kisha akamwona mwanamke akizunguka kona ya nyumba, Febby, mjane wa marehemu Kapembwa, nguo yake imefifia kwa kufuliwa. Alipiga magoti mchangani mbali kidogo, akapiga makofi polepole kama wafanyavyo Wabemba wakimshukuru mtu.

"Wameniambia ni wewe, mukwe. Mungu akupatie na wewe."

Kasonde aliitikia kwa kichwa. Angefanya nini kingine? Mwanamke akainuka, akapangusa magoti, akaenda jikoni kwa wenzake, na kicheko kikaanza, kile cha mamamkwe cha kukohoa, na sauti ya Ngosa katikati yake.

Ennie alileta bukari na samaki mkubwa kuliko siku zote, kichwa na mkia vikining'inia nje ya sahani.

"Mama ndiye amekuchagulia," alisema, uso umemng'aa. "Leo wewe ni mutu mukubwa hapa."

"Kule ndani wanacheka nini?"

"Hawakucheki. Ngosa anawasimulia jinsi ulivyowagundua wajane. Kila anayeingia anamsimulia upya, mpaka amekuigiza unavyoweka kadi mezani!" Alicheka kidogo. "Anakusifu yule kijana, hujui tu. Anasema kama si wewe wasingepata kitu."

Kasonde aliutazama ule mchanga uliokuwa na alama za magoti ya Febby.

"Mwambie anyamaze," alisema.

"Kwa nini? Anakusifu!"

"Ndiyo," Kasonde alisema, akaisukuma sahani pembeni. "Nenda umwambie anyamaze."